Jinsi ya kutoa muhtasari wa mkutano wa wanafunzi gwarideni: kutoka kwenye rekodi hadi hotuba ya dakika tatu

Kila muhula malalamiko ni yaleyale. Kiongozi wa wanafunzi anapanda jukwaani asubuhi ya Jumatatu, anasimulia mkutano mzima wa baraza, na wakati wa chakula cha mchana shule imejaa uvumi. Hawa wanasema maktaba imefunguliwa, wale wanasema saa ya kufika imesogezwa. Mwalimu Mkuu naye anashangaa kusikia "ameshakubali" jambo ambalo halijafika mezani kwake.

Chanzo chake karibu kila mara ni kimoja. Msemaji hakutenganisha kile ambacho wanafunzi wana uwezo wa kukiamua na kile wanachokiomba. Mwongozo huu umejengwa juu ya tofauti hiyo.

Mfano tutakaoufuata ni wa shule ya upili ya kutwa kisiwani Lamu, ambayo baadhi ya wanafunzi wake huvuka kwa mashua kutoka Manda. Baraza lilikutana Jumatano alasiri, mkutano ukarekodiwa kwa dakika 48, na rais wa wanafunzi anatakiwa kuzungumza gwarideni Jumatatu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rekodi yenyewe. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, mara nyingi itakuwa kwenye simu ya mwalimu mlezi au kinasa sauti cha ofisi. Isikilize hukohuko, usiombe utumiwe.
- Kumbukumbu za katibu, hata kama bado ni rasimu.
- Orodha ya waliohudhuria, ili ujue kama akidi ilitimia.
- Karatasi moja iliyopigwa mistari ikawa na safu tatu: Maazimio, Maombi, Bado.
- Saa yenye mshale wa sekunde.
- Nafasi ya dakika kumi na Mwalimu Mkuu au naibu wake kabla ya siku ya gwaride.

Akidi ikiwa haikutimia, usiendelee. Kilichofanyika kilikuwa mazungumzo, na mazungumzo hayana maazimio ya kutangazwa.

## Hatua ya 1: Sikiliza mwisho kwanza

Wengi huanza dakika ya kwanza na kuandika kila wanachosikia. Wakifika dakika ya kumi na tano mkono umechoka, na ajenda nzito bado ziko mbele.

Anza na dakika tano za mwisho. Mwenyekiti mzuri hurudia yaliyokubaliwa kabla ya kufunga, na hapo unapata mifupa ya hotuba yako. Kisha rudi mwanzo usikilize hadi mwisho bila kusimamisha, ukiandika muda tu pale unaposikia maneno kama "tumekubaliana", "wanaounga mkono wainue mikono", "tuwaombe walimu", au "hili tuliache". Usiandike hoja.

Kwenye mfano wetu, rais alipata alama hizi: dakika ya 9 foleni ya chakula, ya 17 usafi wa mabomba, ya 22 mashua, ya 26 malalamiko juu ya mfanyakazi mmoja, ya 31 foleni tena, ya 37 maktaba, ya 43 fulana za michezo.

Hiyo "foleni tena" ndiyo inayowaponza watu. Dakika ya 9 baraza lilikubali madarasa ya chini yahudumiwe kwanza. Dakika ya 31 mwakilishi mmoja akauliza itakuwaje wakubwa wakikosa muda wa kula kabla ya kengele, mjadala ukafunguliwa upya, na wakaamua ziwe foleni mbili kwa wakati mmoja. Aliyeacha kusikiliza baada ya dakika ya 9 atatangaza azimio lililokwisha kufutwa. Jambo likizungumzwa mara mbili, linalobeba ni la mwisho.

Umefaulu ikiwa una karatasi yenye nyakati saba au nane, wala si kurasa nne za maandishi.

## Hatua ya 2: Tafuta ambacho rekodi haikusikia

Rekodi hudanganya, na hudanganya kwa namna zinazojulikana.

Ya kwanza ni mikono. Mwenyekiti anasema "wanaokubali", kinafuata kimya cha sekunde kumi, kisha "haya, tuendelee". Sikio haliwezi kujua kama waliinua watu watatu au wote. Hapo kumbukumbu za katibu ndizo hakimu. Kwenye mfano wetu katibu aliandika kura 9 za kukubali foleni mbili na 5 za kukataa. Bila daftari lake, rais angesema "kwa kauli moja", na wale watano wangeguna mbele ya shule nzima.

Ya pili ni umbali. Simu ikiwekwa juu ya meza ya mbele, sauti za safu ya kwanza zinasikika kubwa, za nyuma zinamezwa na pangaboi. "Ndiyo" ya watu watatu wa mbele itaonekana kama ndiyo ya chumba kizima. Ukisikia ukubalifu mkubwa mahali ambapo katibu ameandika ubishi, mwamini katibu kisha muulize mwakilishi aliyekaa nyuma.

Ya tatu ni vidole. "Foleni ya huku na foleni ya kule" ilieleweka vizuri chumbani kwa sababu msemaji alinyoosha mkono. Kwenye rekodi haina maana, na gwarideni haitakuwa nayo pia. Uliza huku ni wapi, uandike jina la mahali. Ikabainika kuwa ni upande wa kisima na upande wa mwarobaini.

Mkutano ujao mwombeni mwenyekiti ataje hesabu ya kura kwa sauti: "Wanaokubali tisa, wanaokataa watano." Kazi ya hatua hii itapungua nusu.

Tahadhari. Usicheze kipande cha rekodi gwarideni ili kuthibitisha neno lako, wala usikubali kisambazwe kwenye makundi ya wazazi. Waliozungumza walijua wanarekodiwa kwa ajili ya kumbukumbu tu. Wengi wao ni watoto kisheria, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka data za mtoto zitumiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa njia inayolinda haki na maslahi yake.

## Hatua ya 3: Gawa kwa safu tatu

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, ipe muda.

Chukua kila jambo ulilolitia alama ulipime kwa swali moja: *kesho asubuhi, nani anaweza kulifanya litokee bila kumwomba mtu ruhusa?* Kama ni wanafunzi wenyewe au viranja ndani ya madaraka waliyopewa, ni azimio. Kama linahitaji mwalimu, ratiba ya shule, fedha au ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mzima, ni ombi, hata kama baraza zima lilipiga makofi na mwenyekiti akagonga meza akisema "imepita".

Tuone yetu.

Foleni mbili: viranja wa chakula ndio wanaopanga foleni, na sehemu zote mbili ziko ndani ya ua. Azimio. Hata hivyo mwambie mwalimu wa zamu mapema, asije akazivunja foleni zako kwa kutojua.

Usafi wa mabomba kila Ijumaa kwa zamu za madarasa: azimio, mradi hauli muda wa somo. Kwenye rekodi mmoja alipendekeza ufanyike kipindi cha mwisho. Kipindi ni mali ya ratiba, na ratiba si ya wanafunzi. Walipoihamishia baada ya somo la mwisho, ikawa yao.

Mashua: wanaovuka hulalamika kwamba siku ambazo maji yamekupwa alfajiri, mashua haiwezi kusogea vizuri pa kupandia, wakafika baada ya saa 1:00 na kuandikwa wamechelewa. Baraza "liliamua" wapewe hadi saa 1:30. Daftari la waliochelewa liko kwa naibu wa Mwalimu Mkuu. Hili ni ombi, hata kama lina haki.

Maktaba kufunguliwa saa ya chakula cha mchana: ufunguo uko kwa mwalimu. Ombi.

Fulana za michezo: walibishana kuhusu rangi hadi muda ukaisha. Safu ya Bado.

Yamebaki malalamiko ya dakika ya 26. Hayaingii safu yoyote. Malalamiko yanayomhusu mtu anayejulikana yanakwenda kwa mwalimu mlezi ofisini, mlango umefungwa. Ukiyagusa gwarideni hata kwa mafumbo, mtu huyo atakuwa amehukumiwa kabla ya kuulizwa, na hapa kwetu habari hiyo itafika mtaa wa Langoni kabla hujashuka jukwaani.

Umefaulu ikiwa mtu ambaye hakuwepo mkutanoni anaweza kuisoma karatasi yako na kukuambia, kwa kila mstari, nani mwenye uamuzi.

## Hatua ya 4: Peleka maombi kabla ya kuyatangaza

Ombi linalosikiwa na Mwalimu Mkuu kwa mara ya kwanza gwarideni, mbele ya mamia ya wanafunzi, halina sura ya ombi tena. Limekuwa shinikizo. Akikubali, ataonekana amelazimishwa. Akikataa, atazomewa kimoyomoyo. Wengi hukataa, na ukiangalia utaona wana sababu.

Nenda Alhamisi au Ijumaa, pamoja na mwalimu mlezi. Salimu, kaa ukikaribishwa, mpe karatasi ya maombi pekee. Ombi lenye nguvu lina sehemu tatu: tunataka nini, kwa nini, na sisi tutachangia nini.

Ombi la mashua linafaa kuchunguzwa kwa karibu, kwa sababu lilivyosemwa mkutanoni lingekataliwa. "Wanaovuka wasiandikwe wamechelewa" ni mlango wazi wa uvivu, na naibu yeyote ataliona hilo. Lakini maji yana hesabu. Kujaa na kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo maji kupwa saa za kuvuka ni jambo la siku chache mfululizo, kisha linapita na kurudi baada ya wiki mbili hivi. Manahodha wanazijua siku hizo, na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji huzionyesha mapema. Rais aliyekwenda ofisini na orodha ya tarehe za mwezi aliomba nusu saa kwa siku zilizotajwa tu, kwa majina ya wanaovuka tu. Hilo mtu mwenye daftari anaweza kulipima.

Kabla hujatoka, uliza mambo mawili: "Naruhusiwa kuyataja maombi haya gwarideni?" na "Niwaambie wenzangu wategemee jibu lini?" Ukipewa siku, itaje siku hiyo. Usipopewa, usibuni. Sema tu kwamba yamefikishwa.

Tahadhari. Mwalimu Mkuu akisema ombi fulani lisitajwe bado, liache. Wajulishe wawakilishi kwamba limefikishwa, basi.

## Hatua ya 5: Andika hotuba ya dakika tatu

Ukumbini mtu hupita maneno mia kwa dakika bila shida. Nje, juani, watu wamesimama, utahitaji kwenda polepole zaidi. Lenga maneno mia mbili na ishirini hivi, usivuke mia mbili na hamsini.

Mpangilio ni huu: salamu fupi, idadi ya mambo utakayoyasema, maazimio, maombi, yaliyobaki, pa kupeleka maswali. Kutaja idadi mapema kunasaidia sana. Msikilizaji akijua yanakuja maazimio mawili na maombi mawili, huhesabu pamoja nawe, na ukisahau moja atakukumbusha kwa macho.

Kila ombi lifuatwe na sentensi ya "mpaka jibu lipatikane", inayosema kanuni gani inatumika leo. Ukiiacha hiyo, kesho yake nusu ya wanaovuka watafika saa 1:25 wakidai wewe ndiye uliyewaruhusu.

Hii hapa ya mfano wetu:

> Mwalimu Mkuu, naibu wako, walimu wetu, na wanafunzi wenzangu, assalamu alaikum. Hamjambo?
>
> Jumatano iliyopita wawakilishi wenu 14 kati ya 16 walikutana. Nimekuja na maazimio mawili na maombi mawili. Maazimio tunaanza kuyatekeleza wiki hii. Maombi yanasubiri majibu.
>
> Azimio la kwanza. Kuanzia leo foleni za chakula cha mchana ni mbili. Madarasa ya chini yatapanga upande wa kisima, madarasa ya juu upande wa mwarobaini. Hili lilipita kwa wingi wa kura.
>
> Azimio la pili. Kila Ijumaa, baada ya somo la mwisho, darasa moja litasafisha eneo la mabomba. Ijumaa hii wataanza viranja wenyewe. Zamu za madarasa zimebandikwa ubaoni.
>
> Sasa maombi. Haya hatukuyaamua sisi. Tumeyafikisha kwa Mwalimu Mkuu.
>
> Ombi la kwanza ni wenzetu wanaovuka kwa mashua waongezewe nusu saa, katika zile siku maalumu ambazo maji yanakupwa asubuhi. Tumewasilisha tarehe. Mpaka jibu lipatikane, saa ya kufika ni saa moja kamili kwa kila mtu.
>
> Ombi la pili ni maktaba ifunguliwe saa ya chakula cha mchana, na viranja wa maktaba wamejitolea kuangalia vitabu. Mpaka jibu lipatikane, saa za maktaba ni zilezile.
>
> Rangi ya fulana za michezo haijaamuliwa. Itarudi mkutano ujao.
>
> Mwalimu Mkuu ameniruhusu kuwaambia kwamba majibu ya maombi yatatolewa Ijumaa, hapahapa. Mwenye swali amwone mwakilishi wa darasa lake. Asanteni.

Angalia yasiyokuwemo. Hakuna jina la aliyependekeza, hakuna aliyeshindwa, hakuna "kulikuwa na mjadala mkali". Idadi ya kura, 9 kwa 5, haikutajwa. Itakaa kwenye kumbukumbu ubaoni kwa anayetaka. Wapo wanaoshikilia kwamba hesabu itajwe jukwaani kwa ajili ya uwazi. Mimi naona inawapa wale watano hamu ya kurudia kura kwenye foleni, na "wingi wa kura" ni ukweli kamili.

Hakuna methali pia. Hotuba za shule zetu hubeba methali tatu kabla ya habari ya kwanza. Kwa hotuba ya kuaga wahitimu, sawa. Hii ni taarifa.

## Hatua ya 6: Jaribu mbele ya mtu ambaye hakuwepo

Mwite mwanafunzi mmoja asiye wa baraza. Msomee mara moja kwa sauti ya gwarideni huku ukitazama saa, kisha muulize: "Nini kinaanza leo? Nini bado?" Akisema maktaba inafunguliwa, usimlaumu masikio. Sentensi yako ya maombi haijasimama, irekebishe.

Ukizidi dakika tatu na nusu, usiongeze kasi. Punguza sababu. Sababu za foleni mbili kila mtu ataziona akishapata chakula chake mapema.

## Hatua ya 7: Jukwaani

Andika kwenye kadi vichwa sita tu, kwa herufi kubwa. Karatasi kubwa hupepea, na miezi ya kusi inaweza kukuponyoka mbele ya shule nzima. Ukiwa huna kipaza sauti, simama upepo ukiwa mgongoni mwako ili ubebe sauti kuelekea kwa wenzako. Ukiwa nacho, elekeza mgongo kwenye upepo vilevile, kwa sababu upepo ukiingia ndani ya kipaza sauti hutoa mngurumo unaofunika maneno.

Baada ya neno "Sasa maombi", nyamaza sekunde mbili nzima. Ukimya huo ndio mpaka kati ya kilichoamuliwa na kinachoombwa, na utausikia mrefu kuliko ulivyo.

Punda akilia katikati ya sentensi, na atalia, subiri amalize. Kisha rudia sentensi yote, si neno la mwisho pekee.

Watu wakishangilia ombi la mashua, usitabasamu ukaendelea. Rudia: "Ni ombi. Saa ya kufika bado ni saa moja kamili." Mtu akiuliza swali kutoka mstarini, mwelekeze kwa mwakilishi wake. Ukijibu moja utajibu kumi, na jibu la papo kwa papo halina kumbukumbu.

Umefaulu ikiwa saa ya chakula cha mchana unaona foleni mbili, na kesho yake wanaovuka wanafika saa ileile ya zamani wakiulizana jibu litatoka siku gani.

## Hatua ya 8: Siku hiyohiyo

Bandika ubaoni karatasi yenye safu tatu, ikiwa na saini ya katibu na ya mwalimu mlezi. Maneno yawe yaleyale uliyoyasema. Yakitofautiana hata kidogo, watu watashika yale yanayowafaa.

Rekodi ibaki kwa mwalimu mlezi mpaka kumbukumbu zithibitishwe katika mkutano ujao. Zikishatiwa saini, mwombe aifute.

Ijumaa ikifika na majibu hayajatoka, usisubiri mtu aulize. Mwone mwalimu mlezi kabla ya gwaride, upate siku mpya, kisha uitangaze kwa sentensi moja: "Majibu ya maombi mawili yamesogezwa hadi Jumatano." Ombi likikataliwa, litangaze vilevile, pamoja na sababu kama ulivyopewa, bila kuongeza yako.